Bei ya Uongo Huja Kimya

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii huikumbuka kila nionapo mwalimu au mwanafunzi akifurahia jedwali la kompyuta ambalo limejaa tarakimu kutoka juu hadi chini, bila pengo na bila alama yoyote ya kosa. Furaha hiyo nimewahi kuwa nayo mimi mwenyewe, nayo ilimgharimu mtu asiyekuwa na hatia heshima yake kwa majuma mawili. Ndiyo sababu leo naomba nafasi katika safu hii nizungumze na walimu wenzangu na wanafunzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuhusu jambo linaloonekana dogo mno, nalo ni namna ya kuiambia kompyuta iichukue bei kutoka orodha kuu na kuiweka katika karatasi ya oda.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Shule, duka au hoteli huwa na orodha moja ya bei za bidhaa inazonunua. Kila panapotakiwa kununua kitu, huandikwa oda yenye jina la bidhaa, idadi, bei na jumla. Badala ya mtu kuipekua orodha na kuinakili kila bei kwa mkono, huandika fomula inayolitazama jina la bidhaa katika oda, ikalitafuta katika orodha, kisha ikarudi na bei iliyo kwenye mstari huohuo. Katika Excel fomula inayotumika zaidi kwa kazi hii ni `VLOOKUP`, na wanafunzi wa somo la Kompyuta huifahamu vyema.

Yaliyotokea ni haya. Katika shule moja ya huku Kisauni ambayo sitaitaja, niliombwa nimsaidie mtunza stoo, mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika oda zake kwa kalamu. Bidhaa kavu za jikoni zilikuwa saba. Nilifungua ukurasa nikauita `Bei`, nikaziandika bidhaa katika safu ya kwanza kwa mpangilio uleule aliokuwa nao mama katika daftari lake, yaani zile zinazotumika sana zikatangulia: Unga, Sukari, Mchele, Chumvi, Maharagwe, Sabuni, Chai. Safu ya pili ilikuwa ya kipimo, kwa mfano gunia au katoni, na safu ya tatu ikawa ya bei. Orodha hiyo ilianza mstari wa pili ikaishia mstari wa nane. Katika ukurasa wa oda niliandika fomula hii, kisha nikaivuta hadi chini:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$C$8,3)
```

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: chukua jina lililoko `A2`, lisake katika safu ya kwanza ya orodha ya bei, kisha nipe kilichoko katika safu ya tatu. Zile alama za dola huizuia orodha isisogee fomula inapovutwa chini. Yote hayo niliyajua, na nilijiona fundi.

Oda ya kwanza ilikuwa na bidhaa nne, kwa kuwa zile nyingine zilikuwa bado zimo stoo. Mama aliandika chumvi, maharagwe, sabuni, na magunia matatu ya sukari. Bei zikajitokeza papo hapo. Naibu wa mwalimu mkuu alitupia macho bei ya chumvi, ya maharagwe na ya sabuni, akaziona ni sahihi, akatia sahihi yake, na mama akakabidhiwa fedha kulingana na jumla iliyoandikwa. Alipofika Kongowea kwa mfanyabiashara wa jumla, aliambiwa gunia la sukari ni shilingi 6,800. Karatasi yake ilisema 2,400. Fedha alizopewa za sukari zilikuwa shilingi 7,200, na alichohitaji kilikuwa shilingi 20,400. Alinunua gunia moja, akarudi na chenji ya shilingi 400 na maelezo ambayo hakuna aliyeyaamini. Oda ilisema magunia matatu, lililofika ni moja. Minong'ono ikaanza kwamba mawili yameliwa njiani.

Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole ulioniuma zaidi kuliko ukali: "Mwalimu, mimi nimeandika sukari, mashine ikanipa bei. Mimi ni nani niibishie?"

Nami, kwa aibu nakiri, niliifungua orodha ya bei nikaona sukari imeandikwa 6,800 kama inavyopaswa. Nikadhani mama alikuwa ameigusa fomula bila kujua. Haikunipitikia kwamba fomula yangu yenyewe ndiyo iliyokuwa na ila.

Kilichomwokoa mama huyu ni kosa jingine. Majuma mawili baadaye aliandika oda ya majani ya chai, na mahali pa bei pakatokea alama `#N/A`, ambayo ni kauli ya kompyuta kwamba kitu kilichotafutwa hakikupatikana. Lakini chai ilikuwemo katika orodha, tena mstari wa mwisho, jina lake limeandikwa sawasawa. Hapo ndipo nilipokaa chini na kuichunguza fomula kwa makini.

Yafaa ifahamike kwamba `VLOOKUP` ina sehemu nne, si tatu. Ile ya nne huiambia kompyuta itafute kwa namna gani. Ikiandikwa `FALSE`, kompyuta hutafuta jina lililo sawa kabisa, na isipolipata husema wazi kuwa halipo. Ikiandikwa `TRUE`, hutafuta linalokaribiana kutoka chini, yaani lile lisilozidi lile unalolitaka. Na ikiachwa wazi, kama nilivyoiacha mimi, kompyuta haiulizi: huichukulia kuwa ni `TRUE`.

Sasa, utafutaji wa namna hii ya pili una sharti moja kubwa, nalo ni kwamba safu ya kwanza ya orodha iwe imepangwa kuanzia dogo hadi kubwa, au kwa majina, kuanzia A hadi Z. Sababu ni kwamba kompyuta haipiti mstari kwa mstari. Inafanya kama mwanafunzi anayetafuta neno katika kamusi: hufungua katikati, hutazama neno lililopo, kisha huamua kwenda mbele au kurudi nyuma, na ile nusu nyingine haishughuliki nayo tena. Mwanafunzi huyo hufika haraka kwa kuwa kamusi imepangwa. Mpe kamusi ambayo kurasa zake zimevurugwa, naye atafika kwingine kabisa huku akiamini amefika.

Tufuate basi safari ya sukari katika orodha yangu. Kompyuta ilianza katikati, kwenye bidhaa ya nne, Chumvi. C hutangulia S, kwa hiyo ikaamua kwamba sukari lazima iwe mbele zaidi, ikaziacha nyuma bidhaa tatu za mwanzo. Ole wetu, sukari yenyewe ilikuwa ya pili! Kati ya zile tatu zilizobaki ikatazama ya katikati, Sabuni. Neno hilo nalo hutangulia Sukari, kwa hiyo ikasonga mbele tena. Ikabakia bidhaa moja tu, Chai. Chai pia hutangulia Sukari. Orodha ikawa imekwisha, na kwa sheria ya `TRUE`, jibu ni lile la mwisho lisilozidi linalotafutwa. Kompyuta ikarudi na bei ya katoni ya chai, shilingi 2,400, ikaiweka mbele ya sukari kwa utulivu kamili.

Chumvi ilipata bei yake halali kwa sababu ilikuwa katikati hasa, mahali ambapo safari huanzia. Sabuni na maharagwe zilipata bei zao kwa bahati ya mahali zilipokaa. Chai, ambayo hutangulia Chumvi, ilipelekwa upande wa nyuma, ikatafutwa kati ya unga, sukari na mchele, isionekane, na ndipo alama ya kosa ikatokea. Lau mama angeagiza unga, ungepata pia bei ya chai, na mchele ungepata bei ya maharagwe. Kwa ufupi, katika bidhaa saba, tatu zilikuwa sahihi kwa bahati, tatu zilikuwa za uongo ulionyamaza, na moja tu ndiyo iliyopiga kelele. Naibu alizikagua zile tatu zilizokuwa sahihi, akaridhika. Nani kati yetu asingeridhika?

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba dawa ni kuipanga orodha kwa alfabeti na mambo yaishe. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba orodha ikipangwa, sukari itapata bei ya sukari. Lakini fikiria mama ameandika kiberiti, bidhaa ambayo haimo katika orodha kamwe. Katika orodha iliyopangwa, Chai, Chumvi, Maharagwe na kuendelea, neno lisilozidi Kiberiti ni Chumvi. Kiberiti kitauzwa kwa bei ya chumvi, wala hakuna atakayeambiwa kwamba kiberiti hakina bei. Aidha, orodha iliyopangwa leo huvurugika kesho mtu anapoongeza bidhaa mpya chini. Dawa halisi ni kuikamilisha fomula:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$C$8,3,FALSE)
```

Kwa neno hilo moja, mpangilio wa orodha haudhuru tena, na bidhaa isiyokuwemo hutangazwa kuwa haimo.

Je, kwa nini basi mtu anayejua kompyuta asahau neno hilo? Nimejiuliza sana, na jibu nililolipata linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Wengi wetu tuliijua `VLOOKUP` kupitia alama za wanafunzi. Tunatengeneza jedwali dogo: 0 ni E, 40 ni D, 50 ni C, 60 ni B, 70 ni A. Mwanafunzi akipata 67, hakuna 67 katika jedwali, na hatutaki kompyuta iseme haikupatikana. Tunataka ishuke hadi 60 na kutoa B. Hapo `TRUE` ndiyo haki yenyewe, jedwali limepangwa kutoka dogo hadi kubwa, na sehemu ya nne ikiachwa wazi kila kitu huenda sawa. Tumefanya hivyo muhula baada ya muhula mpaka mkono umezoea. Kisha tunaihamisha fomula ileile kutoka kwenye gredi hadi kwenye bei, tukisahau kwamba kati ya 60 na 70 kuna alama nyingine nyingi, lakini kati ya maharagwe na mchele hakuna kitu kinachoitwa nusu mchele. Alama hukaa ndani ya kiwango. Bidhaa ama ni hiyo ama siyo.

Niliporekebisha fomula, lilizuka tatizo jipya ambalo nalo lina funzo. Mama alianza kuona `#N/A` mara kwa mara na akalalamika kwamba sasa ndipo nimeiharibu mashine. Kila nilipokwenda kutazama nilikuta sababu ya kweli. Mara moja ilikuwa nafasi tupu iliyoandikwa baada ya jina, ambayo jicho haliioni. Kuigundua ni rahisi: neno Sukari lina herufi sita, lakini `=LEN(A5)` ilijibu 7. Kuitibu pia ni rahisi, kwani `TRIM` huondoa nafasi za ziada mwanzoni na mwishoni mwa neno, na inaweza kuwekwa ndani ya fomula yenyewe kwa kuandika `TRIM(A2)` badala ya `A2`. Mara nyingine alikuwa ameandika "Sukar". Katika visa vyote viwili kompyuta ilisema kweli kwamba jina hilo haikulipata.

Kijana mmoja mwerevu wa kidato cha tatu alipendekeza tuifunike alama hiyo kwa `IFERROR`, ili mahali pasipopatikana bei paandikwe sifuri na karatasi ipendeze. Nilimkataza, na nawasihi walimu wengine wakataze vilevile. Bei ikiwa sifuri, jumla ya oda hupungua bila mtu kujua, na tunakuwa tumerudi palepale pa shilingi 2,400. Lakini `#N/A` ikiachwa, hata jumla ya chini inayotokana na `SUM` hugeuka kuwa `#N/A`. Oda hukataa kujumlishwa hadi kosa lirekebishwe, na naibu hana cha kutia sahihi. Karatasi hiyo haipendezi, lakini haidanganyi.

Kuna kimya kingine ambacho `FALSE` haiwezi kukiondoa, nacho ni cha wakati. Fomula haiihifadhi bei; huitazama upya kila mara. Bei ya sukari ikibadilishwa leo katika orodha kuu, oda zote za miezi iliyopita zilizofungamana na orodha hiyo hubadilika nazo, na kumbukumbu za shule zinasema kwamba tulilipa fedha ambazo hatukulipa. Wakazi wa Changamwe waliozoea kuona matrela ya mafuta wataelewa upesi kwa mfano wa petroli. Bei ya juu kabisa ya rejareja hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na hutumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Mwenye gari la shule akiifuta bei ya zamani na kuandika mpya mahali palepale, hesabu za mafuta ya mwezi uliopita zimekwisha kuharibika. Kwa hiyo oda ikishatiwa sahihi, bei zake zinakiliwe na kubandikwa kama tarakimu tupu, bila fomula nyuma yake. Au ikiwa shule inataka kuweka historia, iwe na orodha ya tarehe ambazo kila bei ilianza kutumika, zikipangwa kutoka ya zamani hadi mpya, na hapo `TRUE` itafaa tena, kwa sababu tarehe, kama alama za mtihani, hukaa ndani ya kiwango.

Najua wapo watakaoniambia kwamba haya yamepitwa na wakati, kwani mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilitangaza fomula mpya ya `XLOOKUP`, ambayo isipoambiwa vingine hutafuta lililo sawa kabisa. Ni kweli, na anayeipata aitumie. Lakini fomula hiyo haimo katika Excel 2016 wala 2019, na wanaohamia Google Sheets wakiendelea na `VLOOKUP` watakuta desturi ni ileile: sehemu ya nne ikiachwa, orodha huchukuliwa kuwa imepangwa.

Pendekezo langu ni moja, na halihitaji fedha. Katika KCSE somo la Kompyuta lina karatasi ya vitendo, na shule zetu hutunga mazoezi na mitihani ya majaribio ya aina hiyo kila muhula. Takriban mazoezi yote niliyoyaona humpa mwanafunzi orodha ya bei na oda ambayo kila bidhaa yake imo katika orodha, tena aghalabu orodha imepangwa vizuri. Katika zoezi kama hilo, fomula mbovu na fomula nzuri hutoa majibu yaleyale na kupata alama zilezile. Mtungaji aivuruge orodha, kisha aingize katika oda bidhaa moja isiyokuwemo, na alama zitolewe kwa mwanafunzi ambaye jedwali lake limekiri kwamba bidhaa hiyo haina bei.

Na yeyote aliye na karatasi ya oda sasa hivi, awe shuleni au dukani, anaweza kuipima kabla ya chai kupoa. Aandike katika oda neno kiberiti, au neno lolote analojua halimo katika orodha yake. Ikitokea bei, fomula yake ni mgonjwa, na oda za nyuma zinahitaji kukaguliwa moja baada ya nyingine.

Mama wa stoo alisafishwa jina mbele ya wafanyakazi wote, nami nilisimama nikaeleza kosa lilikuwa la nani. Alinisamehe. Lakini tangu siku ile, kabla hajatoka kwenda Kongowea, hulitoa daftari lake la zamani akalinganisha bei ya mashine na bei aliyolipa mara ya mwisho. Sijawahi kumwambia aache.